Katukanwa Baba Stoo, Kachapwa Mtoto Ujiji

Kuna ushauri mmoja unazunguka kwenye semina za ndoa, kwenye vijiwe na kwenye sauti za WhatsApp zinazosambazwa alfajiri: "Ya kazini yaache getini." Anayeusema huwa ametulia, kashiba, na aghalabu hana bosi. Ningependa anionyeshe hilo geti na mahali pa kuacha hayo mambo, maana mlinzi hapokei mizigo ya namna hiyo.

Tuchukue mfano ambao mtu wa Kigoma hatashindwa kuuona. Karani wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale mjini. Saa nne asubuhi hesabu haikubali: leja inasema mifuko 112 ya saruji, sakafuni ipo 100. Bosi anamwita uani, mbele ya dereva, vibarua wanaopakia na wateja wawili, anamwuliza kwa sauti: "Wewe ni mwizi au ni mjinga? Chagua mwenyewe." Vibarua wanatazama chini. Mteja mmoja anacheka. Saa nane mchana inagundulika kuwa ile mifuko 12 bosi mwenyewe aliamuru jana yake kwa simu ipakiwe kwenye gari la rafiki yake, bila hati ya kutolea mali. Radhi? Alisema, "Haya, endeleeni na kazi." Ubinadamu uliotukuka.

Sasa fuateni kinachotokea mwilini, kwa sababu hapa ndipo ule ushauri wa geti unapokufa. Mtu akidhalilishwa mbele ya macho ya watu, homoni ya kotisoli hupanda, hufika kileleni baada ya kama dakika 20 au 30, kisha huanza kushuka. Kwa hiyo ingekuwa ni tusi peke yake, saa sita mchana karani wetu angekuwa ameshaanza kupoa. Hapoi kwa sababu analicheua. Anaporudi kwenye leja analisikia tena, akinywa chai analisikia tena, na kila linaporudi mwili unawashwa upya, japo bosi yuko zake benki. Ndani ya daladala, kuanzia mjini kupita Mwanga mpaka Ujiji, anatunga majibu ambayo angempa. Majibu makali kweli, yote yamechelewa.

Anafika nyumbani, mtoto kamwaga kibakuli cha mawese kwenye mkeka. Siku nyingine ni kosa la "we mtoto we" na kitambaa. Leo ni fimbo.

Hili si la kubuni kichwani kwangu. Mwaka 2005 mtafiti Brad Bushman na wenzake walionyesha kuwa mtu aliyechokozwa, akaachwa autafakari uchokozi huo, humshukia kwa nguvu zaidi anayemuudhi kidogo baadaye, hata kama hahusiki. Mwaka uliofuata Jenny Hoobler na Daniel Brass waliwauliza wafanyakazi, wasimamizi wao na watu wa nyumbani kwao. Ambako bosi alikuwa mnyanyasaji, familia zilieleza kukaripiwa na kukatishwa tamaa zaidi na huyo huyo mfanyakazi. Hasira ilishindwa kupanda kwa bosi, ikateremka kwa mke na watoto.

Basi tuache kuambiana maumivu yasije nyumbani. Yatakuja. Kinachoweza kuchaguliwa ni yaje kwa mdomo au yaje kwa fimbo, na hilo linaamuliwa mlangoni, kabla ya viatu kuvuliwa. Sentensi zinatosha tatu: "Mama watoto, leo bosi kanidhalilisha mbele ya watu. Ninyi hamna kosa. Niacheni nusu saa, kisha nitakueleza." Ya kwanza inaitaja hasira jina na chanzo. Ya pili inawatoa wa nyumbani kwenye shaka, maana mke anayeona uso umekunjwa huanza kujikagua yeye: chumvi? simu? shemeji? Ya tatu ina mwisho, na mwisho ni muhimu. Mwanamume anayesema "niacheni" bila kusema mpaka lini amenuna tu, na kununa kwa siku tatu ni adhabu kwa nyumba nzima.

Hiyo nusu saa isiwe ya kulala chali ukitazama bati, maana huko ndiko kunakocheuliwa. Aoge, achote maji, atembee. Na asidanganywe kuwa kupiga ngumi mto au kufoka peke yake "kunatoa" hasira. Huyo Bushman alilipima mwaka 2002, na waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi. Bia nayo? Tafadhali.

Baada ya hapo aeleze, mara moja, mwanzo hadi mwisho. Mke naye ana kazi, na kazi hiyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhoji: "Sasa na wewe mifuko ulikuwa huihesabu?" Hapo mtu kakutana na bosi wa pili. Ya pili ni kuchochea: "Ningekuwa mimi ningemrushia leja." Aulize tu, "Pole baba. Nisikilize, au kuna la kufanya?" Likianza kusimuliwa mara ya nne usiku uleule, sasa wanalicheua wawili. Wabadilishe mada.

La kufanya lipo, na ni la daftari. Usiku huohuo aandike tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na nani walikuwepo. Aongeze namba ya ukurasa wa leja na saa ya ile simu ya kuamuru mifuko itoke. Machungu yake ayaandike ukurasa mwingine kabisa, kwa sababu ukurasa wa kwanza unaweza kuhitajika.

Nasema hivyo kwa sababu ya wale wanaotuma "naacha kazi" kwa meseji saa tano usiku. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira, inatambua kuwa mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akajiuzulu, huko ni kuachishwa. Ila mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki anatakiwa awe ametumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutozitumia. Barua ya malalamiko, nakala yenye sahihi ya mpokeaji, ndiyo inayomtenganisha na mtu aliyesusa. Na akishaachishwa ana siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na fomu CMA F.1. Kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi asiandike chochote usiku huo, na mafumbo ya status ayaache. Kesho yatakuwa kielelezo cha bosi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mfanyakazi akikosea lazima aambiwe, na kwamba mabosi wengine nao wametoka kukaripiwa na tajiri wa juu yao. Ofisi ina mlango. Ufunge, mwambie.

Nanyi mliotazama chini: nusu ya kidonda cha karani ni kimya chenu. Hakuna anayewataka mgombane na anayewalipa. Kabla hajapanda daladala, mmoja amfuate amwambie, "Nimeona, na haikuwa haki." Hapo angalau hataenda Ujiji akidhani uani nzima iliamini ni mwizi.

Na bosi, ukigundua mifuko ilitoka kwa simu yako, usimwite pembeni ukamnong'oneze pole ukampa elfu tano ya soda. Ulimtukana uani, kwa sauti, mbele ya dereva, vibarua na wateja. Waite dereva na vibarua, simama palepale, na ile sauti unayo.