Ankara ya Kwanza Isiende na "Ukipata Nafasi"

Wengi wetu tunaobuni lebo na vipeperushi hapa Dodoma hutaja bei bila woga siku ya makubaliano, lakini siku ya kutuma ankara ya kwanza tunaisindikiza na maneno "utaangalia bosi wangu, ukipata nafasi". Kwa maoni yangu, maneno hayo huchelewesha malipo kuliko ubahili wa mteja, kwa kuwa mwenye biashara ndogo huanza kulipa madeni yenye tarehe ya mwisho.

Tuseme mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Kizota ameagiza lebo za chupa kwa shilingi 600,000 na ametanguliza 200,000. Ujumbe wa kwenda na ankara yake ningeuandika hivi:

"Shikamoo Mama, na pole kwa kazi. Naambatanisha ankara ya tarehe 2 Juni 2025 ya kazi ya lebo za chupa. Jumla ni shilingi 600,000. Umeshalipa 200,000, zimebaki 400,000. Kama tulivyokubaliana, malipo ni ndani ya siku 14 tangu tarehe ya ankara, yaani mwisho ni Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025. Lipa namba iko kwenye ankara, na jina litakalotokea kwenye simu ni lile lile lililoandikwa juu yake. Ikiwa mtakata kodi ya zuio, naomba mnipatie hati yake. Kazi ya lebo za madumu nitaianza salio hili likishalipwa. Ahsante."

Heshima yote imewekwa kwenye salamu, na baada ya hapo hakuna sababu ya kuomba radhi kwa kudai haki yako. Tarehe yenyewe imeandikwa kwa sababu "siku 14" pekee huzua ubishi, mmoja akihesabu tangu ankara ilipotumwa na mwingine tangu alipoifungua. Salio nalo limetajwa ndani ya ujumbe kwa kuwa mara nyingi mama huyo atausambaza kwa kijana wake anayeshika hesabu, ambaye hakuwepo tulipopatana na huenda asilifungue faili lililoambatanishwa.

Sentensi ya jina ndiyo wengi huiacha, ilhali kila mwenye simu nchini ameshapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mteja mpya akiona jina asilolijua kabla ya kuweka namba ya siri, atasita, na ana haki ya kusita. Hati ya kodi ya zuio nayo si urasimu mtupu: bila hiyo, huna cha kuonyesha kwamba kiasi kilichokatwa ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Faini ya kuchelewa nisingeiingiza hapo ikiwa haikutajwa siku ya makubaliano, kwa sababu ujumbe huu hukumbusha masharti yaliyokwisha kukubaliwa, na mteja akikutana humo na sharti jipya atalibishia hilo kwanza huku shilingi 400,000 zikingoja.