Taarifa isiyotiwa chumvi: simtanki moja, watu sita

"Mkurugenzi anataka taarifa iwaguse wafadhili, mimi nataka iwe ya kweli. Nikiandika habari za familia moja bila kutia chumvi, si michango itapungua?" Ndivyo anavyouliza mwandishi wa taarifa za shirika la misaada.

Hofu ya mkurugenzi ina msingi. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio ambalo washiriki walilipwa dola 5, kisha wakaombwa kuchangia. Waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14, na waliopewa vyote viwili 1.43. Kwa hiyo takwimu hupoza huruma. Lakini jaribio hilo lilipima mtu mmoja dhidi ya takwimu. Halikupima chumvi dhidi ya ukweli, na hapo ndipo wengi wanaolitaja huteleza.

Tuchukue mfano wa kutunga, ila wa aina inayoandikwa kila siku. Shirika limegawa simtanki za lita 5,000 katika kijiji cha mkoa wa Dodoma, na taarifa yake inasema: "Mama huyu na familia yake hawatateka tena maji korongoni. Maisha yao yamebadilika kabisa. Sasa wana maji safi na salama mwaka mzima."

Anza na "mwaka mzima", kwa sababu hilo unalipima ukiwa mezani. Watu sita wakitumia madumu matatu ya lita 20 kwa siku, ni lita 60. Gawanya 5,000 kwa 60, unapata siku 83. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Tangi lililojaa tarehe 1 Mei litakauka karibu na tarehe 22 Julai, na mvua bado iko mbali, miezi minne hivi. Wala si kwamba paa ni dogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo bati la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 550 kwa msimu linapokea lita 22,000. Hata ukitoa moja ya tano inayomwagika na kukauka, tangi lingejaa mara tatu na zaidi. Kinachopungua ni mahali pa kuyaweka maji.

Mwandishi huenda hakudanganya. Alikwenda Machi, tangi likiwa pomoni, akamuuliza mama kama bado anakwenda korongoni, akajibiwa hapana. Jibu lilikuwa la kweli siku ile. Kosa ni kuligeuza kuwa la mwaka mzima. Chumvi nyingi huingia kwa mlango huo wa tarehe ya ziara. Nayo "safi na salama" ni matokeo ya kipimo. Kama maji hayakupimwa, andika "maji ya mvua", kwani bati hubeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Baada ya kupiga simu tena Agosti, taarifa ingeweza kusomeka hivi:

"Desemba iliyopita familia ya watu sita ilifungiwa simtanki la lita 5,000. Tangu mvua zianze hadi wiki ya tatu ya Julai, mama hakwenda kuchimba maji korongoni, safari iliyokuwa ikimchukua saa mbili kila asubuhi. Sasa tangi limekauka na amerudi korongoni. Wakati wa mvua maji ya ziada hufurika na kumwagika uani. Tangi la pili lingeyahifadhi."

Mkurugenzi ataona hasara: "amerudi korongoni" inasikika kama mradi umeshindwa, na mfadhili anaweza kuuliza kwa nini halikutolewa tangi kubwa tangu mwanzo. Ni swali la haki, na jibu lake liwe tayari: kwa bajeti iliyokuwapo, familia nyingi zilipata tangi dogo badala ya chache kupata kubwa, kama kweli ndivyo mlivyoamua. Upande wa pili, mfadhili aliyeahidiwa mwaka mzima akifika Septemba, atagonga tangi kwa kidole na kusikia mwangwi. Naona hasara hii ni kubwa zaidi, maana baada ya hapo hata taarifa zenu za kweli atazitilia shaka.

Lakini ukweli nao una namna yake ya kuharibu maandishi. Ukiorodhesha kila kasoro, pamoja na mfereji uliolegea na asilimia za kijiji kizima, mama anapotea na unarudi kwenye ile dola 1.43. Kwa ukurasa mmoja, familia moja na pungufu moja linalobadilisha maana vinatosha. Mengine yaende kwenye ripoti ya mradi. Na kama simu ya Agosti haikupatikana, andika "tulipofika mwezi Machi" mwanzoni mwa sentensi ya kwanza, kisha usitaje kiangazi.