Bishoo kawa mwongoza wageni: jina la akaunti libaki au libadilike?

"Natembeza wageni msitu wa Ngezi na kisiwa cha Misali, huku Pemba. Akaunti yangu ya Instagram niliifungua nikiwa skuli, inaitwa bishoo_mlabata. Ina wafuasi elfu sita na wenye hoteli wananijua kwa hiyo. Nibadilishe jina, nifungue mpya, au niache ilivyo?"

Ndugu yangu, akaunti mpya tuitoe kabisa kwenye hesabu. Utaanza na wafuasi sifuri, na picha zote ulizopiga Misali zitabaki kulekule ulikotoka. Ukibadilisha jina ndani ya akaunti hiyohiyo, wafuasi, picha na mazungumzo ya faragha yanabaki kama yalivyo. Kwa hiyo uzito uko kati ya kubadilisha na kuacha.

Anayesema uache ana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani. Jina la akaunti ndilo anwani yako. Siku unapolibadilisha, kila kiungo cha zamani kinakufa: kilichowekwa kwenye tovuti ya hoteli, kilichochapwa kwenye fulana, na alichomtumia mwenzake mgeni aliyerudi kwao. Mgeni akikutambulisha ndani ya picha yenyewe, jina hubadilika pamoja nawe. Lakini pale alipoandika @bishoo_mlabata kwenye maelezo ya picha, maandishi hayo yanabaki yalivyo na hayamfikishi mtu kwako.

Hatari kubwa zaidi ni jina lenyewe uliloliacha. Instagram kwa kawaida hukupa siku 14 za kulirudia, baada ya hapo mtu mwingine anaweza kulichukua. Akiweka na picha yako ya wasifu, mgeni anayefuata kiungo cha zamani atamkuta yeye, na atamtumia amana ya boti akiamini kakutumia wewe. Kwenye X hali ni mbaya zaidi, maana jina likishaachwa halina ulinzi wa kutegemea.

Pamoja na hayo, mimi nasimama upande wa kubadilisha. Mama anayetaka kuwapeleka watoto wake msitu wa Ngezi anasoma jina kabla hajaona picha hata moja, na mla bata si mtu wa kumkabidhi watoto. Mwenye hoteli anayekupenda huenda anakutaja kwa mdomo tu, kwa kuwa anaona haya kuliandika jina lako ubaoni pale mapokezi. Hasara hiyo huioni, kwani aliyeghairi hakuandikii kukwambia.

Wapo wanaoogopa kuonekana wanaficha yao ya nyuma. Kuficha hakuwezekani hata ukitaka: sehemu ya About this account inaweza kuonesha kuwa akaunti imewahi kuwa na majina mengine. Basi tangaza mwenyewe. Na ujue kwamba picha za enzi za ubishoo haziondoki pamoja na jina. Zipitie, zile zisizokufaa uziweke kwenye Archive.

Kinachoamua mafanikio ni mpangilio. Anza na jina la kuonekana, lile linaloandikwa kwa herufi nene kwenye wasifu, ambalo si anwani na halivunji kiungo chochote. Liandike jina lako halisi pamoja na Pemba, na picha ya wasifu usiiguse. Iache hivyo wiki kadhaa, ili watu wazoee jina jipya huku anwani ikiwa ileile. Wenye hoteli na manahodha uwape taarifa mmoja mmoja kwa WhatsApp. Hapo ndipo ubadilishe anwani, na siku hiyohiyo uombe viungo virekebishwe kwenye tovuti zao. Kwenye wasifu andika "zamani bishoo_mlabata" kwa miezi michache. Inaudhi, lakini aliyekupoteza atakutambua.

Zile siku 14 zikipita, fungua akaunti ya pili na ujaribu kulichukua jina la zamani. Likikubali, weka maelezo ya mstari mmoja yanayoelekeza kwenye akaunti yako, na usiweke kitu kingine. Kila baada ya muda fungua kiungo cha zamani kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yako. Ukiambiwa ukurasa haupo, umepoteza wapita njia tu. Ukikuta sura ya mtu mwingine, hayo ni yake, lakini ukikuta sura yako mwenyewe, mripoti Instagram kwa kosa la kujifanya wewe na uwaonye wenye hoteli siku hiyo.

Muda nao ni muhimu. Fanya kazi hii wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na baadhi ya hoteli za pwani zimefungwa. Ukingoja Julai, kiungo kilichokufa kitakuwa kinakukosesha safari kila wiki. Na fulana mpya usichapishe kabla jina halijakubaliwa kwenye mtandao, kwani jina unalolitaka linaweza kuwa limeshachukuliwa.