Wadudu 40 na mstari usiofutika

"Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 20, hadubini ya nini tena?"

Kipimo cha haraka kinastahili sifa yake. Hakihitaji umeme, na mhudumu wa zahanati anajifunza kukitumia upesi. Slaidi, kile kioo chenye damu kinachosomwa kwa hadubini, inataka rangi ya Gimsa ya kuwatia wadudu rangi, iliyochujwa vizuri na jicho lisilochoka, maana punje za rangi chafu mara nyingi huitwa wadudu.

Lakini vipimo hivi viwili havijibu swali lilelile. Kipimo cha haraka hutafuta HRP2, protini inayotolewa na falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hadubini inamtafuta mdudu mwenyewe.

Tuseme mtoto wa kilo 10 amepimwa Jumatatu, slaidi ikaandikwa wadudu 40. Wazazi wengi husikia "ana wadudu 40 tu". La. Hao ni waliohesabiwa kwenye tone nene la damu hadi chembe nyeupe za damu zilipofika 200. Tukikadiria chembe nyeupe 8,000 kwa kila mikrolita, hesabu ni 40 × 8,000 ÷ 200, yaani wadudu 1,600 kwa mikrolita. Mtoto huyu ana damu ya kama mililita 800, sawa na mikrolita 800,000. Zidisha: wanapita bilioni moja. Na hao ni wanaozunguka tu, kwa kuwa falsiparamu waliokomaa hujibana kwenye mishipa midogo, tone la kidoleni lisiwakute.

Anamaliza dawa mseto ya siku tatu, homa inatulia, kisha Jumatatu inayofuata inarudi. Kipimo cha haraka kinachora mstari wa kuonyesha malaria. Ukikiamini peke yake, atapewa dozi nyingine, na kama tatizo ni nimonia, itaendelea kumla.

Hapo ndipo slaidi inapolipa gharama yake. Tone nene, ambalo chembe zake nyekundu zimepasuliwa na maji, linakusanya damu nyingi mahali padogo. Msomaji akipitia maeneo 100 bila kuona kitu, mstari ule una uwezekano mkubwa wa kuwa kivuli cha wadudu waliokufa. Akiona wadudu, tone jembamba, yaani damu iliyotandazwa kwenye kioo, litamwonyesha sura zao: pete nyembamba za buluu zenye nukta nyekundu, wakati mwingine nukta mbili, au pete mbili ndani ya chembe moja. Pete hizo siku ya saba zinatia wasiwasi kuwa dawa haikufanya kazi, au mtoto aliitapika. Akiona maumbo ya ndizi pekee, ayahesabu kando: hayo ndiyo yanayosubiri mbu, huchelewa kuondoka na si yanayoleta homa.

Kwa hiyo mgonjwa mpya apimwe kwa kipimo cha haraka, sina ugomvi. Aliyemaliza dawa ndani ya wiki chache akarudi na homa apelekwe kwenye slaidi, na kifua chake kisikilizwe siku hiyohiyo.