Mikono michafu ni ipi mbele ya ekwiti?

"Ndiyo kwanza naanza somo la ekwiti. Tunaambiwa anayeiendea ekwiti aende na mikono safi. Sasa nani ana mikono safi kabisa? Mtu akiwahi kudanganya, haki yake imekufa?"

Haijafa. Ekwiti ni kanuni za haki zinazoiongezea sheria ya kawaida pale inapopungua. Kanuni hii ya mikono safi haichunguzi maisha ya mtu, inachunguza jambo analoliombea nafuu. Tena inafunga mlango mmoja tu. Umenunua kiwanja, muuzaji anakataa kukuhamishia. Ukidai fidia kwa kuvunjwa mkataba, hiyo ni haki ya kisheria, na ukithibitisha madai yako utapewa hata kama hupendezi. Ukitaka alazimishwe kukuhamishia kiwanja chenyewe, au azuiwe kumuuzia mwingine, hapo unaomba nafuu ya ekwiti, na jaji ana hiari ya kukupa au kukunyima. Mikono inaangaliwa kwenye mlango huu wa pili.

Uchafu unaohesabika ulipimwa mwaka 1787 katika kesi ya Dering dhidi ya Earl wa Winchelsea, huko Uingereza. Thomas Dering alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha. Wadhamini wake walikuwa watatu, akiwemo ndugu yake Sir Edward, kila mmoja kwa hati yake ya pauni 4,000. Thomas akashindwa kuwasilisha fedha, serikali ikamgeukia Sir Edward peke yake kwa pauni 3,883. Akawashtaki wenzake wachangie. Wakajibu kwamba mikono yake si safi, kwa kuwa alimtia moyo nduguye katika kamari huku akijua hali yake. Jaji Eyre hakumsifu hata kidogo. Ila alisema tabia mbaya kwa ujumla haitoshi: lazima kosa liwe na uhusiano wa moja kwa moja na wa lazima na haki inayodaiwa. Haki ya kuchangiwa ilitokana na udhamini wa pamoja, wala si kamari. Kwa hiyo mzigo ukagawanywa kwa tatu, takribani pauni 1,294 kila mmoja.

Ugumu unaanza pale kosa lilipo ndani ya jambo lenyewe. Katika kesi nyingine ya Uingereza, Tinsley dhidi ya Milligan, wanawake wawili walinunua nyumba kwa fedha za pamoja, wakaiandikisha kwa jina la Tinsley peke yake ili Milligan aendelee kudai posho za serikali kana kwamba hana nyumba. Wote wawili walijua na wote wakafaidika. Milligan baadaye alikiri kwa idara husika. Walipogombana, Tinsley akadai nyumba yote ni yake, Milligan akadai sehemu yake.

Mwaka 1993 majaji watano wa Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waligawanyika watatu kwa wawili. Lord Goff, upande wa wachache, alishika kanuni kwa ukali: umeficha umiliki ili udanganye, usije ekwiti ikusaidie kuufichua. Hoja hii ina nguvu. Inawaonya watu mapema, na inainusuru mahakama isigeuzwe chombo cha kukamilisha hila. Lakini tazama matokeo yake: Tinsley, mwenye udanganyifu uleule, angeondoka na nyumba nzima.

Walio wengi walimpa Milligan sehemu yake, kwa sababu hakuhitaji kuutaja udanganyifu ili ashinde. Alithibitisha tu kwamba alichangia bei, na sheria ikadhani Tinsley anamshikia kwa amana. Haki ilitendeka, ila kipimo kilikuwa dhaifu mno. Baba anapomnunulia mtoto wake mali, sheria hiyohiyo ya wakati ule ilidhani ni zawadi. Baba angelazimika kueleza hila yake ili aipindue dhana hiyo, na angeshindwa. Makosa sawa, matokeo kinyume, kwa sababu ya udugu tu. Mwaka 2016, katika kesi ya Patel dhidi ya Mirza, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiacha kipimo hicho. Sasa jaji anauliza sheria iliyovunjwa ilikusudia nini, kuna maslahi gani mengine ya umma, na kama kumnyima mtu dai lake kunalingana na kosa. Ni haki zaidi, ingawa wakili hawezi tena kumwambia mteja jibu kwa uhakika.

Kwetu mafundisho ya ekwiti yaliingia kwa sheria zinazotaja tarehe: 12 Agosti 1897 kwa Kenya, 22 Julai 1920 kwa Tanzania Bara. Mahali uchafu unapowaumbua waombaji ni kwenye zuio la muda linaloombwa upande wa pili haupo. Tuseme mnunuzi wetu anaapa kwamba muuzaji amevunja mkataba, lakini hataji kwamba awamu ya pili ya malipo imempita bila kulipa. Upande wa pili unakuja na mkataba na taarifa ya benki, na zuio linaweza kuondolewa hata kama dai la msingi lilikuwa zuri. Kosa hilo liko ndani ya maombi yenyewe, kwa hiyo Dering haimwokoi. Angeitaja ile awamu katika aya ya kwanza ya kiapo, akaeleza kwa nini ilichelewa na kwamba fedha anazo tayari, jaji angekuwa na kitu cha kupima.