Tarehe ya chanjo shuleni isitangulie fomu

Mwaka juzi niliwakuta wasichana watatu wa darasa la sita nyuma ya vyoo, wamekaa juu ya matofali, mmoja anawasainia wenzake fomu za ridhaa. Alikuwa na mkono mzuri wa kalamu. Saini ya mama wa kwanza aliilaza kulia, ya mama wa pili akaikata katikati kwa mstari kama wafanyavyo watu wa benki. Nilipomuuliza akaniambia bila wasiwasi, "Mwalimu, mama yuko shamba na nyie mnataka leo."

Nilinyamaza, maana alichosema kilikuwa kweli. Ujumbe wa kwamba timu ya chanjo inakuja Alhamisi ulitufikia Jumanne jioni. Fomu tukazigawa Jumatano saa tisa, watoto wakienda nyumbani, tukiwaambia wazirudishe kesho yake saa mbili asubuhi. Huku kwetu, kwenye miteremko ya Rungwe, wakati wa kuvuna viazi mzazi anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Baba wengine wako Usangu kwenye mpunga au Chunya kwenye dhahabu, na mtoto analelewa na bibi asiyesoma maandishi madogo yale. Ukimpa mtu wa namna hiyo usiku mmoja wa kufikiri, hujamwomba ridhaa.

Mimi ni mwalimu wa afya wa shule ya msingi, na maoni yangu ni haya: siku ya chanjo ipangwe kwa kuanzia fomu. Tarehe ya gari na tarehe ya nesi zifuate baada ya fomu kurudi. Najua wengi wanapanga kinyume chake, na sababu zao ninazijua. Kituo cha afya kina shule nyingi na pikipiki moja.

Nazungumzia chanjo ya HPV, ile ya kukinga kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayotuletea kazi kubwa. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 walilengwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, na mwaka huo walichanjwa wa miaka 9 hadi 14. Badiliko hilo kwenye karatasi ni jepesi, lakini shuleni liligeuza kila kitu. Zamani ungetafuta wasichana wachache wa madarasa ya juu. Mwaka huo ilibidi uguse darasa la tatu hadi la saba, na umri haufuati darasa. Darasa la tatu letu lina mtoto wa miaka 8 na mwingine wa 11 wakikaa dawati moja. Kwa hiyo orodha lazima itoke kwenye tarehe za kuzaliwa zilizo kwenye rejista. Ukiingia darasani na kusema "wasichana wote simameni," umeshakosea.

Mwaka jana tulifanya kwa namna yetu. Orodha ilitoa wasichana 112. Kabla ya tarehe yoyote kutajwa, tuliita kikao cha wazazi siku ya gulio, saa nne, kwa sababu siku hiyo wanashuka wenyewe na mizigo yao. Nesi alikuja akakaa nao chini ya mparachichi. Wazazi hawakuuliza habari za virusi. Bibi mmoja alisema, "Mjukuu wangu ana miaka kumi tu, hajui lolote. Mnamchoma ya nini? Mmeona ameanza mambo?" Nesi hakumpa hotuba. Alimjibu, "Hapana, bibi. Tunamchoma sasa kwa sababu hajaanza. Kinga hii inafanya kazi vizuri ikimtangulia kirusi, na kirusi kikishaingia, chanjo haikitoi." Baba mmoja akauliza kuhusu uzazi, kama ilivyotarajiwa, kwamba sindano inafunga kizazi. Nesi akamwambia haifungi, na kwamba kinachoondoa vizazi vya wanawake wodini ni saratani yenyewe. Wakakaa kimya kidogo, halafu swali likahamia kwenye kwa nini wavulana hawachomwi.

Fomu zilitoka siku hiyo hiyo, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Badiliko nililolipigania ni kisanduku cha tatu. Fomu ya kawaida ina "nakubali" na "sikubali". Sisi tukaongeza "nataka kuongea na nesi kwanza". Mzazi mwenye shaka asipopewa mahali pa kuandika shaka yake, anachofanya ni kuiacha fomu chini ya godoro, nawe hujui kama amekataa au amesahau. Wazazi 13 waliweka alama hapo. Nesi aliwapigia au wakapita kituoni, na 10 kati yao wakakubali.

Kuna swali moja ambalo nililitoa kabisa kwenye fomu. Mtu fulani alipendekeza tuulize kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu au anatumia dawa kila siku. Nia ilikuwa njema, kwa sababu mtoto anayeishi na VVU anahitaji zaidi ya dozi moja. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni angalau mbili, na tatu kama inawezekana. Lakini fomu hubebwa na mtoto, hukusanywa na kiranja, na hulala kwenye meza ya walimu mchana kutwa. Katika mikoa yetu hii, kuanzia Njombe hadi Mbeya, ambayo VVU vimeigusa zaidi ya mikoa mingi nchini, swali lile ni kumtangaza mtoto. Tulikubaliana watoto hao wafuatiliwe na kliniki yao, huko ambako faili zao zinajulikana, na shuleni wachomwe kama wenzao bila mwalimu yeyote kujua. Kwenye fomu tulibakiza maswali mawili tu: ameshachanjwa chanjo hii? Amewahi kupata mzio mkali baada ya sindano au dawa?

Siku ya kumi tulihesabu. Waliokubali 96, waliokataa 5, wanne walikuwa wameshachanjwa, na fomu 7 hazikurudi. Saba hao hatukuwahesabu kama wamekubali. Wawili tuliwapata kwa simu baadaye. Walimu wawili tulisikiliza kwa pamoja, tukaandika namba, saa na jina la aliyeongea, lakini kwa siku ya masalia, ya kuwachanja waliobaki, si kwa siku ile. Ndipo nikampigia nesi, "Tuna 96, tupangie." Naye kwa mara ya kwanza alijua abebe vichupa vingapi.

Sasa saa. Nesi hawezi kuanza saa mbili, na hili walimu wengi hawalijui. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Barafu ikitoka moja kwa moja kwenye friza na kuwekwa kando ya vichupa inaweza kuvigandisha, hasa asubuhi za Juni huku kwetu ambapo hewa yenyewe inauma. Kwa hiyo anaziacha zile pakiti za barafu mezani mpaka akizitikisa asikie maji yakicheza ndani, ndipo anafunga kibebeo na kupanda pikipiki. Mwalimu mkuu anayelalamika kwamba nesi kachelewa angemuuliza kwanza alikuwa akisubiri nini.

Tulipanga kuanza saa tatu kamili, baada ya uji. Uji haukuwa wa hiari. Mtoto aliyetembea kilomita nne bila kula, akasimama kwenye foleni akiangalia sindano, anaanguka. Wanaoanguka zaidi ni hawa wanaobalehe, na mara nyingi si chanjo yenyewe bali hofu. Ndiyo sababu kila mmoja hukaa dakika 15 baada ya kuchomwa, akiangaliwa.

Dakika hizo 15 ndizo zinazopanga ratiba yote, kuliko sindano. Sindano ni nusu mililita kwenye bega, imekwisha kabla hujamaliza kukunja uso. Lakini kuangalia jina, kuchoma na kuandika kadi kunachukua kama dakika tatu kwa mtoto. Tulikuwa na meza mbili, maana yake wasichana kumi kila robo saa. Na kwa kuwa kila mmoja anakaa robo saa, viti vya kupumzikia lazima viwe kumi muda wote, na vya akiba. Shule ikiwa na benchi moja la watu wanne, hata ikiletewa manesi watano haitakwenda haraka zaidi. Itajaza watoto uwanjani.

Kwa hiyo hatukuita darasa zima. Tuliita kumi kumi. Darasa la tatu na la nne walimaliza kabla ya mapumziko, na mapumziko yenyewe tukayafunga. Dakika 30 hakuna sindano, kwa sababu shule nzima ikiwa nje kila dirisha linakuwa na vichwa sita, na wavulana hukosi wanaojifanya wamezimia. Baadaye wakaja wa tano, wa sita na wa saba. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wasipite mbele ya wanaosubiri.

Kilichonishinda ni sweta. Hesabu yangu ya dakika tatu ilikufa pale kwenye meza ya kwanza. Baridi ilikuwa kali, kila mtoto amevaa sweta, chini yake shati la mikono mirefu, na chini kabisa fulana ya kaka yake. Mmoja tulimvua nguo kama tunamenya kitunguu. Dakika tatu zikawa tano. Tuliomba mwalimu wa kike asimame nyuma ya pazia na kuwaandaa watatu watatu, bega moja nje na kanga juu, ndipo kasi ikarudi. Tungeiandika kwenye fomu, "siku hiyo avae shati la mikono mifupi ndani," tungeokoa nusu saa.

Mwalimu wa taaluma bado hakubaliani nami kuhusu mpangilio. Anasema wakubwa waanze, ili wadogo waone dada zao hawajafa, tena la saba wana majaribio. Hoja yake ina uzito. Ila mwaka juzi tulianza na la saba, wote kwa pamoja kwenye varanda. Mmoja akaanguka, na ndani ya saa moja wakawa watano. Hakuna aliyeumia. Walilazwa chali miguu juu, wakaamka. Lakini mchana wazazi walikuwa getini na majembe mikononi, na chanjo ya siku ile iliishia hapo. Mwaka jana aliyeanguka alikuwa mmoja, wa darasa la sita, naye alikiri uji alimpa mdogo wake.

Kati ya wale watano waliokataa, mama mmoja alikuja siku ya masalia bila kuitwa, amemshika binti mkono. Nikamwuliza kama amebadili mawazo. "Sijabadili, mwalimu. Nimekuja kuangalia." Akakaa kwenye benchi la kupumzikia kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu akaomba kalamu.