Mwiba wa protini kwenye damu ya mama: afuatiliwe au aachwe?

"Mama ana miaka 64, analima chai Tukuyu, na haumwi popote. Alipimwa Mbeya akaonekana protini za damu ziko juu. Sampuli ikapelekwa Dar, majibu yakarudi yameandikwa MGUS, IgG gramu 7 kwa lita. Kaka anataka apelekwe Dar kila miezi sita na achomwe sindano ya kuchukua uboho wa kupima. Shangazi anasema aachwe kama alivyo. Tumsikilize nani?"

Kaka ana hoja nzito. Seli za plazma zilizo kwenye uboho wa mifupa hutengeneza kingamwili za kila aina, lakini kwa mama kikundi kimoja kimezaliana na kinatoa kingamwili ya aina moja tu. Hali hiyo ndiyo MGUS, na bado si saratani. Kingamwili hiyo ndiyo inayochora ule mwiba mwembamba kwenye karatasi ya maabara. Karibu kila mgonjwa wa mieloma, saratani ya seli hizohizo, alipitia hatua hii kwanza, mara nyingi bila kujua. Na sisi watu weusi hali hii hutupata zaidi: utafiti uliofanyika Ghana ulikuta karibu asilimia 6 ya wanaume wa miaka 50 hadi 74 wanayo, takriban mara mbili ya wanaume wazungu wa Minnesota, Marekani.

Hata hivyo, kuwa wengi wenye mwiba si sawa na mwiba wenyewe kuwa mkali zaidi. Wamarekani weusi na weupe walipolinganishwa, kasi ya kugeuka saratani ilionekana kukaribiana. Kwa wastani ni mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka, na hapa ndipo shangazi anapopata nguvu.

Wastani huo nao haumhusu kila mtu kwa usawa. Madaktari hutazama mambo matatu: mwiba ukifika gramu 15 kwa lita, kingamwili ikiwa si IgG, na uwiano wa minyororo myepesi, yaani vipande vidogo vya kingamwili vilivyomo kwenye damu, ukiwa umeharibika. Mama amesalimika kwenye mawili ya kwanza. La tatu halijapimwa. Likiwa salama, uwezekano wa kupata mieloma ndani ya miaka 20 ni kama asilimia 5. Likiwa baya, ni kama asilimia 21. Tena hesabu hizo zinamchukulia mtu kana kwamba hakuna kingine kitakachomuua. Ukiingiza presha, kisukari na uzee wenyewe, zinashuka hadi asilimia 2 na 10.

Kwa hiyo fedha ya safari ningeiweka kwenye kipimo hicho cha minyororo myepesi, mara moja, kabla ya kufikiria sindano ya uboho. Kikirudi salama, hana upungufu wa damu na figo zake ni nzima, sindano hiyo inaweza kuachwa. Inauma, na kwa mtu wa kundi lake ni nadra kuonyesha kitu cha kubadilisha uamuzi. Hata ikionyesha seli chache za ziada, MGUS haina dawa ya kumeza wala dripu, hutazamwa tu.

Kama hajapima VVU, apime. Mikoa yetu ya nyanda za juu, Njombe ikitangulia, ina maambukizi mengi, na VVU hupandisha protini za damu. Kwa kawaida mchoro huonyesha kilima kipana, si mwiba, lakini miiba midogo nayo hutokea, na mingine hufifia mgonjwa akitumia ARV.

Kuachwa kabisa sikubaliani nako, na sababu yangu ni mgongo. Mkulima wa chai akiumwa mgongo, kila mtu atasema ni kazi ya kuinama. Atanunua diklofenaki dukani, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama ni mieloma, dawa hiyo inafunika maumivu huku ikizidi kuumiza figo ambazo protini imeshaanza kuziziba, na atafika hospitali pingili ya mgongo ikiwa imeporomoka. Kipimo cha mkojo cha kijiti nacho kitawadanganya, kwa kuwa kinaona albumini na kuikosa minyororo myepesi.

Mpango ninaouona unafaa: baada ya miezi sita arudie mchoro wa protini pamoja na hemoglobini, kreatinini na kalsiamu. Mwiba ukibaki ulipo na minyororo myepesi ikiwa salama, mchoro unaweza kusubiri miaka miwili hadi mitatu, na vile vipimo vingine vitatu vya bei nafuu afanye hapohapo Mbeya mara moja kwa mwaka. Lakini asisubiri tarehe akipata maumivu ya mfupa yanayodumu wiki kadhaa, uchovu wa kuishiwa damu, nimonia za kujirudia, mkojo wenye povu au ganzi ya miguu. Siku hiyo aende na karatasi ya majibu mkononi na amwambie daktari kwanza kuhusu MGUS, kabla hajaandikiwa dawa ya maumivu.